Kuipanga upya foleni kwa vimo na hesabu ya warefu walio mbele: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Swali lenyewe linasemaje?

Watu walikuwa wamesimama kwenye foleni, kisha wakatawanyika. Kila mmoja anakumbuka mambo mawili tu: kimo chake, na idadi ya watu waliokuwa mbele yake ambao kimo chao kililingana na chake au kukizidi. Hakumbuki alisimama wa ngapi wala alimfuata nani. Kazi yako ni kuirudisha foleni ilivyokuwa.

Kila mtu basi ni jozi ya namba. Anayesema (165, 3) ana sentimita 165, na mbele yake walisimama watu watatu wasiopungua sentimita 165. Wafupi waliokuwa mbele yake hakuwahesabu, kwa hiyo huenda alikuwa wa nne na huenda alikuwa wa kumi. Ugumu wote wa swali uko kwa hao wafupi wasiohesabiwa.

Wengi hukutana na swali hili kwenye LeetCode, namba 406, ambako linaitwa *Queue Reconstruction by Height*. Hupenda pia kuulizwa kwenye usaili wa kazi za programu, kwa sababu jibu ni mistari mitano na anayelijua bila kulielewa hukwama kwenye swali la pili.

Njia ni ipi, kwa kifupi?

Unawapanga watu kuanzia mrefu hadi mfupi. Waliolingana kimo, unatanguliza mwenye hesabu ndogo. Baada ya hapo unamchukua mmoja mmoja kwa mpangilio huo na kumchomeka kwenye orodha mpya, katika nafasi inayolingana na hesabu yake. Mwenye 0 anakaa mwanzo kabisa, mwenye 3 anaacha watu watatu mbele yake, na waliokuwa nyuma ya hapo wanasogea hatua moja.

Nasema kuchomeka kwa makusudi. Aliyewahi kukaa kwenye foleni ya magari Dar es Salaam akaona daladala ikichomekea kutoka pembeni anajua kinachotokea: anayeingia anapata nafasi anayoitaka, na wote walio nyuma wanarudi hatua moja. Tofauti ni kwamba hapa hakuna anayelalamika, na punde tutaona kwa nini hana sababu ya kulalamika.

Naomba mfano, hatua kwa hatua.

Tuchukue watu saba. Nimeanza na foleni ya kweli ili tuweze kujisahihisha mwishoni. Kutoka mbele kwenda nyuma, vimo ni 158, 172, 165, 172, 150, 165, 180. Ukimuuliza kila mmoja hesabu yake kisha ukawachanganya, unabaki na hizi:

```
(165,3) (172,0) (150,4) (180,0) (165,1) (158,0) (172,1)
```

Tukipanga kwa kimo kushuka, na hesabu ndogo mbele kwa waliolingana:

```
(180,0) (172,0) (172,1) (165,1) (165,3) (158,0) (150,4)
```

Sasa tunachomeka. Kila mstari unaonyesha foleni baada ya mtu mmoja kuingia:

```
(180,0)  180
(172,0)  172 180
(172,1)  172 172 180
(165,1)  172 165 172 180
(165,3)  172 165 172 165 180
(158,0)  158 172 165 172 165 180
(150,4)  158 172 165 172 150 165 180
```

Mstari wa mwisho ndio foleni tuliyoanza nayo.

Mfuatilie huyo wa 180 peke yake. Aliingia wa kwanza, na kwa muda alikuwa mtu pekee kwenye foleni. Kisha kila aliyeingia akakaa mbele yake, wote sita, hadi akawa wa mwisho kabisa. Hesabu yake ilikuwa 0 mwanzo na imebaki 0 mwisho, maana hakuna hata mmoja kati ya waliomtangulia anayefika kimo chake. Alisukumwa mara sita, na hata mara moja hakuwa na haki ya kusema amedhulumiwa.

Ninapofundisha jambo hili huwa situmii kompyuta kabisa. Nakata boksi vipande saba, naandika kimo juu na hesabu chini, na naviacha mezani. Mwanafunzi akishavisogeza kwa mkono mara mbili tatu, msimbo anauandika mwenyewe bila kuonyeshwa.

Kwa nini warefu waanze?

Kwa sababu wakati unapomchomeka mtu, kila aliyemo kwenye orodha lazima awe mtu anayehesabika kwake. Siri yote ni hiyo.

Mwenye (165, 3) anapoingia, ndani ya orodha kuna 172, 165, 172 na 180 tu. Hakuna mfupi hata mmoja. Kwa hiyo kuwa na watu watatu mbele na kuwa na watu watatu *wanaohesabika* mbele ni kitu kimoja, na nafasi ya 3 kwa kuhesabu kuanzia sifuri ndiyo yenye watu watatu mbele yake. Hesabu aliyokumbuka inageuka kuwa anwani yake.

Hiyo ni nusu ya kwanza ya hoja: anapoingia, yuko sahihi. Nusu ya pili ni kwamba anabaki sahihi. Watakaoingia baada yake ni wafupi kuliko yeye, na hawahesabiki kwake hata wakisimama mbele yake. Ama wamelingana naye kimo, lakini hao wana hesabu kubwa kuliko yake, na kwa hiyo wanachomekwa nyuma yake. Hakuna wa tatu. Hesabu yake haiwezi kubadilika tena hata wakiingia watu elfu.

Ukianza na wafupi kwa njia hii hii, nusu zote mbili zinavunjika. Mchomeke (150, 4) kwanza kwenye orodha tupu: nafasi ya 4 haipo. Na hata ukimwacha pale alipoangukia, kila mrefu atakayeingia mbele yake ataibadilisha hesabu yake. (Kuna namna sahihi ya kuanza na wafupi. Ipo chini.)

Waliolingana kimo, ni lazima mwenye hesabu ndogo atangulie? Nilidhani ni urembo tu.

Ni lazima, na hapa ndipo majibu mengi yanapoharibikia.

Chukua wale wawili wa 165. Orodha inapowangoja ina 172, 172, 180. Mwingize (165, 3) kwanza: anakaa nafasi ya 3, yaani mwisho, na foleni inakuwa 172, 172, 180, 165. Kwa sasa yuko sawa, ana watatu mbele. Halafu mwingize (165, 1): anakaa nafasi ya 1, foleni inakuwa 172, 165, 172, 180, 165. Mtazame tena yule wa mwisho. Alisema watatu, lakini sasa mbele yake wapo wanne, maana mwenzake aliyelingana naye amepita mbele, na aliyelingana naye anahesabika.

Ukiwapanga kwa hesabu kupanda, hilo haliwezi kutokea: wa pili anachomekwa nyuma ya wa kwanza, na wa kwanza haguswi. Wa pili naye, wakati akiingia, anamkuta mwenzake tayari yumo na anamhesabu kama inavyotakiwa.

Jambo jingine linatokana na hapo. Watu wawili hawawezi kuwa na kimo kimoja *na* hesabu moja. Yule wa nyuma anawahesabu wote anaowahesabu wa mbele, kisha anamwongeza na wa mbele mwenyewe, kwa hiyo hesabu yake lazima imzidi. Ukiona jozi mbili zinazofanana kabisa kwenye data, data ina kosa. Usihangaike na msimbo wako.

Na kama swali linasema "warefu kuliko yeye" tu, bila kuwahesabu waliolingana naye?

Hapo mpangilio wa waliolingana unageuka kinyume. Watu wengi hawalitegemei hilo, kwa hiyo tuliangalie polepole kwa foleni ileile.

Kwa kanuni hii mpya, wa 172 wote wawili wanasema 0, kwa kuwa hakuna aliyewazidi mbele yao. Wa 165 wa mbele anasema 1. Wa 165 wa nyuma, aliyesema 3 mwanzo, sasa anasema 2, kwani mwenzake hamhesabu tena. Warefu tumeshawapanga: 172, 172, 180.

Ukiendelea na mazoea ya hesabu ndogo kwanza, (165, 1) anaingia na kutoa 172, 165, 172, 180. Kisha (165, 2) anakaa nafasi ya 2: 172, 165, 165, 172, 180. Mhesabie: mbele yake yuko 172 mmoja tu anayemzidi. Alitaka wawili. Kosa limetokea kwa sababu alipoingia, ndani ya orodha kulikuwa na mtu asiyehesabika kwake, na ile siri tuliyoitaja ikavunjika.

Sasa mtangulize mwenye hesabu kubwa. (165, 2) anaingia kati ya watu ambao wote wanamzidi: 172, 172, 165, 180. Halafu (165, 1): 172, 165, 172, 165, 180. Ndivyo ilivyokuwa. Yule aliyeingia baadaye amempita mwenzake mbele, lakini hahesabiki kwake, hivyo hakuna kilichoharibika.

Kwa hiyo kabla hujaandika mstari wowote, soma sentensi ya swali mara mbili utafute kama waliolingana wanahesabiwa. Wakihesabiwa, hesabu ndogo itangulie. Wasipohesabiwa, hesabu kubwa itangulie. Na katika hali hii ya pili jozi mbili zinazofanana si kosa. Wale wawili wa (172, 0) ni halali kabisa, ila huwezi kujua yupi ni yupi.

Msimbo wake ukoje?

Kwa Python, katika hali ya kawaida ambayo waliolingana wanahesabiwa:

```python
def panga_foleni(watu):
    watu = sorted(watu, key=lambda m: (-m[0], m[1]))
    foleni = []
    for kimo, mbele in watu:
        foleni.insert(mbele, (kimo, mbele))
    return foleni
```

Alama ya kutoa kwenye `-m[0]` ndiyo inayofanya kimo kishuke huku hesabu ikipanda. Kwa Java, mpangilio huohuo unaandikwa hivi, na kuchomeka kunafanywa na `add(nafasi, mtu)` ya `ArrayList`:

```java
Arrays.sort(watu, (a, b) ->
    a[0] == b[0] ? a[1] - b[1] : b[0] - a[0]);
```

Nimepanga kwa `reverse=True` na majaribio madogo yamepita. Mbona mengine yanakataa?

Pole, mimi pia nimepitia hapo, na ilinigharimu jioni nzima.

`sorted(watu, reverse=True)` inageuza vyote viwili: kimo kinashuka, na hesabu nayo inashuka. Yaani umeandika mpangilio wa lile swali jingine, la waliolingana wasiohesabiwa. Kwa swali hili, kila penye vimo vilivyolingana kuna hatari.

Kilichonipoteza ni kwamba jaribio langu la kwanza lilikuwa na watu wawili tu, (172, 0) na (172, 1), na jibu likaja sahihi. Lilikuja kwa bahati. (172, 1) aliingia kwanza akitaka nafasi ya 1 kwenye orodha tupu. Python haikulalamika, ilimweka mwisho wa orodha, ambao ulikuwa ndio mwanzo. Kisha (172, 0) akaja mbele yake, na mambo yakanyooka yenyewe. Nikaamini msimbo uko sawa na kuanza kutafuta kosa mahali pengine.

Mwongeze mtu mmoja wa 180 na bahati inakwisha. (180, 0) anaingia, (172, 1) anakaa nyuma yake, (172, 0) anakuja mbele ya wote, na foleni ni 172, 180, 172. Yule wa mwisho alisema mmoja, naye ana wawili. Jaribio lenye maana kwa swali hili linahitaji angalau watu wawili waliolingana *na* mrefu mmoja kuwazidi, au watatu waliolingana.

Nikitaka kuanza na wafupi nafanyaje?

Unaacha kuchomeka, unaanza kuhesabu viti vitupu. Weka viti saba mstarini. Mfupi kuliko wote, (150, 4), anajua kwamba kila mtu mwingine anahesabika kwake. Kwa hiyo aache viti vinne vitupu mbele yake na akae cha tano. Hao wanne watakuja baadaye, na wote watakuwa warefu kwake.

Anayefuata kwa ufupi ni (158, 0). Haachi kiti kitupu hata kimoja: anakaa cha kwanza. Kisha wanakuja wa 165, na hapa, kwa kuwa tunakwenda kinyumenyume, mwenye hesabu kubwa anatangulia. Viti vitupu vilivyobaki ni cha 2, 3, 4, 6 na 7. Mwenye (165, 3) anaviacha vitatu, 2, 3 na 4, na anakaa cha 6. Mwenye (165, 1) anaacha cha 2 na kukaa cha 3. Vimebaki cha 2, 4 na 7: (172, 1) anakaa cha 4, (172, 0) anakaa cha 2, na wa 180 anapewa kilichobaki, cha 7. Ukisoma viti kwa mpangilio unapata 158, 172, 165, 172, 150, 165, 180.

Uzuri wa njia hii ni kwamba mtu akishakaa hasogei tena. Ubaya wake ni kutafuta "kiti kitupu cha ngapi", kazi ambayo ukiifanya kwa kupita kiti kwa kiti haina nafuu yoyote. Faida inaonekana watu wakiwa wengi sana, kama ilivyo kwenye swali linalofuata.

Je, njia ya kuchomeka ni ya haraka kiasi gani?

Kupanga ni kazi ndogo. Gharama iko kwenye kusogeza. Kumchomeka mtu mwanzoni mwa orodha kunawasukuma wote waliomo, na katika hali mbaya kuliko zote kila anayeingia anaingia mwanzo. Kwa watu 2,000, ambao ndio kikomo kwenye LeetCode, hiyo ni misogeo 1,999,000. Kompyuta hata haihisi. Kwa watu 100,000 inakaribia bilioni tano, na hapo utaanza kusubiri.

Wengine wanafikiri dawa ni orodha ya viungo, ile ambayo kila mtu anashika mkono wa anayemfuata, kwa kuwa kuchomeka humo hakusogezi mtu. Ni kweli hakusogezi, lakini kuifikia nafasi ya 40,000 inabidi upite mikono 40,000. Umeuhamisha mzigo kutoka bega moja hadi jingine, na kwa kawaida orodha ya kawaida ndiyo inayoshinda, kwa sababu kompyuta inasogeza kumbukumbu iliyoshikana kwa kasi kubwa sana.

Dawa ya kweli ni ile njia ya viti ikisaidiwa na mti wa Fenwick, muundo unaotunza jumla za viti vitupu kwa mafungu. Badala ya kupita kiti kwa kiti, unauliza fungu kubwa kwanza: humu mna viti vitupu vingapi? Vikiwa havitoshi unaliruka zima. Kwa viti 100,000 unamfikishia mtu kiti chake kwa maswali yapatayo 17. Lakini usiuandike mti huo kwa watu 2,000. Utaongeza mistari ishirini na mahali papya pa kukosea, bila faida.

Nitajuaje kama data niliyopewa ni mbovu?

Kuna dalili mbili za wazi. Ya kwanza ni jozi mbili zinazofanana, kama tulivyoona. Ya pili ni hesabu inayozidi idadi ya waliokwisha kuingia. Mtu wa tatu katika mpangilio wako ametanguliwa na wawili tu, kwa hiyo hawezi kusema aliona watatu wasiompungukia. Ndani ya kitanzi, kabla ya kuchomeka, linganisha `mbele` na `len(foleni)` na ukatae ikizidi. Jozi zote zikipita vipimo hivi viwili, na hakuna hesabu iliyo chini ya sifuri, basi foleni ipo.

Ni lazima uviandike mwenyewe, kwani lugha nyingine hazitakuambia. `insert` ya Python na `splice` ya JavaScript zikipewa nafasi iliyopitiliza zinaweka mwishoni na kunyamaza. `ArrayList` ya Java inapiga kelele kwa `IndexOutOfBoundsException`, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo tabia njema. Kwenye C++, kuchomeka nje ya mwisho wa `vector` hakuna ahadi yoyote ya kitakachotokea. Na ujihadhari na namba hasi kwenye Python: `insert(-1, mtu)` haikatai, inamweka kabla ya wa mwisho.

Kuna ubovu ambao vipimo hivi haviukamati. Tuseme kwenye mfano wetu umesahau kumwandika (172, 0). Waliobaki sita ukiwapitisha unapata 158, 180, 165, 172, 150, 165. Hesabu za kila mmoja uone: wa 158 ana 0, wa 180 ana 0, wa 165 ana 1, wa 172 ana 1, wa 150 ana 4, wa mwisho ana 3. Wote wameridhika. Hakuna kosa lililoonyeshwa popote, na wa 180 aliyekuwa mwisho wa foleni sasa yuko wa pili, kwa kuwa wenzake wamempa kazi ya yule aliyepotea. Hesabu hizi zinatunza uhusiano kati ya waliopo. Hazijui waliopaswa kuwepo.

Kuna uhakika gani kwamba foleni ni moja tu?

Tazama tena safari ya kuchomeka. Katika kila hatua, mtu ana nafasi moja tu inayotimiza hesabu yake, hakuna pa kuchagua. Foleni yoyote nyingine yenye hesabu zilezile, ukiwaondoa wafupi wote na kuwabakiza warefu, ingekupa orodha zilezile tulizopata njiani. Kwa hiyo ni ileile.

Ukipenda namba, vimo vyote vikiwa tofauti: mrefu kuliko wote ana chaguo moja la hesabu, yaani 0. Wa pili ana mawili, 0 au 1. Wa tatu ana matatu. Kwa watu saba ni 1 × 2 × 3 × 4 × 5 × 6 × 7, yaani 5,040, na ndiyo idadi ya foleni zinazowezekana kwa watu saba. Kila seti halali ya hesabu ina foleni yake, na kila foleni ina seti yake. Wanahisabati wanaufahamu mfumo wa namna hii kwa jina la msimbo wa Lehmer, njia ya kuandika mpangilio wowote kwa orodha ya namba ndogo.

Kwa nini tusipange kwa hesabu badala ya kimo?

Kwa sababu hesabu 0 kwa mtu wa 180 na hesabu 0 kwa mtu wa 158 ni habari mbili tofauti kabisa. Ya kwanza haisemi chochote, kwa kuwa hakuna mwingine anayefika 180. Ya pili inasema karibu kila kitu: yeye ndiye anayeongoza foleni, au mbele yake hayuko mwingine ila mfupi wa 150. Hesabu bila kimo haina uzito.

Lakini lipo swali la jirani ambako kupanga kwa hesabu ndiyo njia sahihi: Codeforces, namba 141C. Humo hupewi vimo. Unapewa hesabu tu, za waliowazidi kimo, na unatakiwa ubuni foleni na vimo vyovyote vinavyokubaliana nazo, au ujibu -1 kama haiwezekani. Kwa kuwa vimo ni vyako kuvitunga, unawapanga watu kwa hesabu kupanda na mpangilio huo unakuwa ndio foleni. Kisha unajenga orodha ya pili ya vimo kutoka mrefu hadi mfupi, na unachomeka humo kila mtu kwenye nafasi ya hesabu yake. Ni kazi ileile iliyogeuzwa: hapa ulijua vimo ukachomeka kwenye foleni, pale unajua foleni unachomeka kwenye vimo.

Nitaujaribuje msimbo wangu bila kutegemea mifano ya mtandaoni?

Fanya nilivyofanya na wale watu saba, ila iachie kompyuta. Itunge foleni ya kweli kwa bahati nasibu, ihesabu kila mtu, iwachanganye, kisha ione kama umeirudisha.

```python
import random

def jaribu():
    vimo = [random.randint(150, 156) for _ in range(8)]
    kweli = []
    for i, h in enumerate(vimo):
        k = sum(1 for x in vimo[:i] if x >= h)
        kweli.append((h, k))
    fujo = kweli[:]
    random.shuffle(fujo)
    assert panga_foleni(fujo) == kweli
```

Angalia vimo nilivyochagua: watu wanane, na vimo saba tu vinavyowezekana. Nimebana makusudi, ili kila raundi lazima watu wawili walingane. Ukiweka 100 hadi 200, raundi nyingi zitapita bila wawili kugongana kimo, na ule msimbo wa `reverse=True` utapita raundi hizo bila kugunduliwa. Iite `jaribu()` mara elfu moja. Ukibadilisha `>=` iwe `>`, unalijaribu lile swali la waliolingana wasiohesabiwa, na hapo kumbuka kugeuza pia mpangilio ndani ya `panga_foleni`.